Kiatu cha Pili cha Shosho

Juzi nilimkuta nesi mwenzangu ameketi baada ya zamu, kiatu kimoja mkononi, akitazama ukuta. Nikakumbuka alasiri ile kule Kuresoi, shosho, yaani nyanya yangu, alipostaafu ukunga. Ukumbi tulimomuagia ulinukia chapati na dawa ya kuoshea sakafu. Aliwashukuru wakunga wenzake waliokanda tumbo la mzazi damu ikikataa kukoma, na dereva wa ambulensi aliyepita matopeni.

“Lakini wasichana wangu,” akasema, “siku utakapomkaripia mama kwa kulia na uchungu, au ufike nyumbani uvue kiatu kimoja ushindwe na cha pili, omba likizo. Mimi sikuomba.”

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu kiatu cha pili nilikuwa nikimvua mimi kila alipotoka zamu, nikidhani ni mchezo wetu.