Mpaka wa Daraja B

Kitu cha kwanza mtu alichokiona kwa mwalimu wa taaluma kilikuwa rula. Aliishika hata mbele ya kompyuta, akaiweka chini ya kila mstari wa alama ili macho yasije yakaruka kwa mwanafunzi mwingine. Wenzake katika chuo kile cha ufundi umeme walimwita Bi Desimali, naye aliitika bila kinyongo.

Asubuhi hiyo aliipitia orodha ya mwisho. Msichana mmoja alikuwa na 54 kati ya 60 kwa kazi za mwaka za karakana, na 72 kati ya 150 kwa mtihani. Orodha ilimpa asilimia 60. Bi Desimali akachukua karatasi. Kanuni ilitaka kazi za mwaka zibebe asilimia 40, mtihani 60. Basi 54 zikawa 36, na 72 zikawa 28.8. Jumla 64.8.

Akaifungua fomula ya orodha. Alama ghafi zilikuwa zimejumlishwa tu, 126 juu ya 210, na hivyo mtihani ukabeba asilimia 71. Fomula ile aliiandika yeye mwenyewe.

Akamtafuta mpwa wake kwenye orodha, hodari wa mtihani, mvivu wa karakana: 24 na 115. Kutoka 66 akashuka hadi 62. Daraja B lilianzia 63, na bila B hakuna nafasi ya mafunzo kazini.

"Orodha imeshasainiwa," alisema mwalimu wa hisabati, aliyekuwa akichungulia begani mwake. "Iache ilale. Unamkata mtoto wa dada yako kwa mkono wako."

"Na huyu aliyeshinda karakana mwaka mzima, nimpe pole?"

"Haya, nenda. Mkuu akikutafuna, mie sipo."

Mkuu wa chuo hakumtafuna. Alivua miwani, akasikiliza.

"Kosa ni langu," alisema Bi Desimali. "Na mipaka ya madaraja nayo tuliipanga kwa jumla hizo mbovu. Inabidi kamati ya mitihani isome upya kazi na mitihani ya walio karibu na mpaka, kisha iupange upya. Mimi nisikae humo, mpwa wangu ni mmoja wao."

Saa nane mchana kamati ikajifungia. Bi Desimali akakaa kwenye benchi la ukumbini. Mpwa wake akaja mbio, shati nje.

"Mama mdogo, ni kweli umeninyang'anya B?"

"Nimerekebisha hesabu. B wanaijadili humo."

"Wakishusha mpaka hadi 62?"

"Utakuwa nayo."

"Wakiuacha?"

"Utakuwa na C, na mimi nitakuwa na kazi ya kumweleza mama yako."

Kijana akacheka kidogo, akachomeka shati, akakaa kando yake. Mle ndani karatasi zilifunuliwa, mtu akakohoa, kiti kikaburuzwa. Wote wawili wakasimama, macho kwenye kitasa cha mlango.