Wifi Hatetei Asichokiamini

Chuoni walimwita Bi Hoja, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alifundisha maadili katika chuo cha uuguzi, somo ambalo wanafunzi waliliona kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Wao walitaka sindano na dripu, yeye akawaletea nadharia. Kila karatasi iliyopita mikononi mwake ilirudi na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Hoja iko wapi?" Hakuwa mkali kwa kupenda. Alikuwa tu mtu wa kunyoosha mambo. Hata mashuka kwenye kamba aliyaanika pindo kwa pindo, na mtu akimwambia kwenye simu "nipo njiani" huku maji ya kuoga yanasikika, alichefuka mpaka jioni.

Mwaka ule Mungu alimpa mtihani wake mwenyewe, na mtihani huo ulikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe.

Wifi alikuwa muuguzi hodari. Alikuwa akifanya kazi wodi ya upasuaji na kusomea stashahada, na wagonjwa walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake haukuwa na sukari ya uongo. Masomo mengine yote alikuwa ameyapita. Lililobaki ni maadili, na maadili yalikwisha kumwangusha mara mbili. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: akianguka mara ya tatu, anaondolewa. Katika ukoo ule, ambao ulijulikana mtaani kwa walimu na makarani wake, hakuna aliyewahi kuondolewa chuo chochote. Na huyu angeondolewa kwa somo linalofundishwa na mke wa kaka yake! Watu wangecheka mpaka wajishike mbavu.

Karatasi za wifi hazikusahihishwa na Bi Hoja. Alizikabidhi kwa mwenzake, mwalimu mzee wa chumba cha jirani, ili asiwepo wa kusema damu ni nzito kuliko maji. Lakini kumfundisha hakukukatazwa, basi wiki ya mwisho kabla ya mtihani akaenda nyumbani kwa mama mkwe, alikoishi wifi, akafuta meza ya chakula, akaketi.

"Haya, wifi. Nadharia ya manufaa inasema nini?"

"Wengi wape."

Bi Hoja alifumba macho. Darasa zima liliandika hivyo kila mwaka. Methali imewakaa kichwani kabla ya nadharia kupata pa kukaa.

"Wengi wape ni kura, wifi. Hii si kura. Wodini kwako wagonjwa kumi wanataka redio ipigwe kwa sauti. Mmoja ametoka kushonwa kichwa, kila ngoma ni nyundo. Kwa wengi wape, redio inapigwa. Mtu wa manufaa atafanya nini?"

"Ataizima."

"Kwa nini?"

"Wale kumi watakosa starehe kidogo tu. Yule mmoja anateseka."

"Ahaa! Basi hahesabu vichwa. Anapima raha na maumivu ya kila mtu, bila kumpendelea yeyote, halafu anachagua tendo litakaloleta heri kubwa zaidi kwa jumla. Maumivu ya mmoja yanaweza kuzidi starehe ya kumi. Umeelewa?"

"Nimeelewa tangu mwaka jana."

"Kama umeelewa, kwa nini ulianguka?"

Wifi alinyoosha mikono yake ya kiuuguzi mezani, safi, kucha fupi. "Kwa sababu waliniambia nitetee."

Bi Hoja akaomba aione karatasi ya mwaka jana. Swali lilikuwa hivi: mgonjwa ametoka kwenye upasuaji, presha iko juu, anauliza kama mguu wake umeokolewa. Haukuokolewa. Muuguzi anamwambia "umeokolewa" ili atulie mpaka daktari afike. Tetea uamuzi wa muuguzi kwa nadharia ya manufaa. Na chini yake wifi alikuwa ameandika sentensi moja: *Muuguzi huyu alidanganya, siwezi kumtetea.*

"Sentensi moja!" Bi Hoja alisema. "Nusu ya mtihani, sentensi moja!"

"Ilitosha."

"Wifi, hawakuulizi unaamini nini. Wanakuuliza kama unaweza kujenga hoja."

"Nikiandika kwamba alifanya vyema, nami naona alifanya vibaya, nimeandika uongo. Na nimeuandika kwa mkono wangu, juu yake nambari yangu ya mtihani. Kutetea ni kusimama na mtu. Mimi sisimami na mwongo."

"Mungu wangu." Bi Hoja alishika kichwa. "Unajua wewe ni nani? Wewe ni nadharia ya wajibu inayotembea kwa miguu miwili! Kuna matendo ni mabaya yenyewe, hata yakileta heri. Mtu asitumiwe kama chombo tu, hata kwa faida yake mwenyewe usimchezee akili, maana ana haki ya kujua habari za mwili wake. Na usifuate kanuni ambayo usingetaka kila mtu aifuate: wauguzi wote wakidanganya, nani atamwamini muuguzi? Hayo ndiyo uliyopaswa kuyaandika sehemu ya pili, pale pa kutetea wajibu!"

"Sehemu ya pili niliandika wajibu ni kusema kweli."

"Hoja zake?"

"Hilo linahitaji hoja?"

Hapo mama mkwe, aliyekuwa jikoni akisikiliza kila neno huku akijifanya anachambua mchele, alitokea mlangoni na ungo wake.

"Nyinyi mtanipasua kichwa. Mkwe, maswali si yako huko chuoni? Mwambie yatakayotoka, aandike, yaishe."

"Mama, haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani? Nani ataumia? Huyu anajua kazi, wagonjwa wanamlilia. Akipita, wodi inapata muuguzi mzuri, mimi napata usingizi, mwanangu anapata cheo, hata chuo kinapata sifa. Wote tunafurahi. Niambie huyo mmoja atakayelia, nimpelekee leso."

"Mama!" Wifi alisimama. "Huo ni wizi!"

"Wizi wa nini? Nimeiba nini, ungo?"

Bi Hoja alikuwa ameanza kukasirika, lakini hasira ilikwama njiani. Alimtazama mama mkwe, akamtazama wifi.

"Wifi, kaa chini. Jirani akikuuliza mama amesema nini, utamjibu?"

"Nitamjibu."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mama amesema tuibe mtihani kwa sababu kila mtu atafurahi na hakuna atakayeumia."

"Utakuwa umesema uongo?"

"La. Ndivyo alivyosema."

"Na utakuwa umekubaliana naye?"

"Hata kidogo!"

"Basi!" Bi Hoja akapiga meza, ungo ukaruka mikononi mwa mama mkwe. "Andika hivyo hivyo! 'Mtetezi wa nadharia ya manufaa atasema kwamba.' Hujadanganya. Umetoa habari za mtu na hoja zake. Msahihishaji anataka hilo tu!"

Wifi akaipima sentensi kama anavyopima dawa kwenye bomba la sindano, akitafuta uongo ndani yake. Hakuupata.

"Kwa nini hamkuniambia hivyo tangu mwaka juzi?" akauliza.

Bi Hoja akamsukumia karatasi na kalamu.

Wakafanya kazi. Mama mkwe akaketishwa kwenye kiti kama mtetezi wa manufaa, cheo alichokipokea kwa furaha isiyostahili. Bi Hoja akamfunza wifi jinsi ya kuandika kwa ufupi. Kwanza, dai la nadharia kwa sentensi moja. Kisha sababu yake. Kisha mfano uliopewa, uingizwe ndani ya nadharia, usiachwe nje ukipigwa na jua. Halafu pingamizi kali kuliko yote, si lile dhaifu ambalo hata mtoto angelijibu. Halafu jibu ambalo mtetezi mwenye akili angelitoa.

"Mama amesema hakuna atakayeumia," Bi Hoja alisema. "Mpinge."

"Wanafunzi wengine wataumia, waliosoma usiku na mchana. Na mgonjwa atakayeuguzwa na mtu aliyeiba cheti."

"Vizuri, lakini hapo umempinga kwa mizani yake mwenyewe. Pingamizi la ndani zaidi?"

"Hata kama kweli hakuna wa kuumia, bado ni wizi."

"Sasa umefika. Na mtetezi atajibuje?"

Wifi alimgeukia mama yake. Mama mkwe akakuna shavu. "Nitasema ukiruhusu kila mtu kuiba, vyeti vyote vitakuwa takataka, na hapo watu wengi wataumia. Basi ni heri kuweka sheria ya kutoiba na kuifuata."

Bi Hoja alibaki mdomo wazi. Hilo ndilo jibu ambalo mwaka mzima alishindwa kuwaelewesha wanafunzi darasani: mtu wa manufaa anaweza kufuata kanuni, ilimradi kanuni ile, ikifuatwa na wote, ndiyo inayoleta heri kubwa.

"Mama, kama unalijua hilo, mbona ulitaka nimwibie mtihani?"

"Nilitaka apite," mama mkwe akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya mtihani wifi alitoka ukumbini na uso mkavu, akaenda zamu. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa amepita, kwa alama ambayo ingepungua kidogo tu asingepita. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Jina la ukoo likakaa palepale lilipokuwa.

Lakini Bi Hoja hakupumua. Alama ile ilimkera kama mchanga kwenye wali. Akamwendea mwalimu mzee, akaomba aione karatasi, maana sasa matokeo yalikuwa yamekwisha kutoka. Sehemu ya kwanza, kutetea manufaa, ilikuwa nzuri ajabu. *Mtetezi atasema,* kisha *mtetezi akiulizwa,* kisha *mtetezi hatashindwa kujibu.* Mtetezi yule asiyekubaliana naye, wifi alimpa hoja bora kuliko zile ambazo wengi huwapa rafiki zao. Sehemu ya pili ilisema: *Tetea nadharia ya wajibu. Taja pingamizi moja kali na ulijibu.* Utetezi ulikuwepo, wa kuridhisha. Na pale pa pingamizi, kwa mwandiko safi: *Halipo.*

Alimkuta wifi nyumbani akivaa viatu vya kazi.

"Halipo? Wifi, halipo?"

"Nilitafuta, sikuliona."

"Mwanamume amekuja wodini na panga, anamtafuta mkewe uliyemlaza kitanda cha mwisho. Anakuuliza yuko wapi. Kusema uongo ni kubaya, kusema kweli ni kumuua mwanamke. Hilo si pingamizi?"

Wifi alifunga kamba ya kiatu, akainuka. "Simwambii uongo wala simwambii alipo. Wajibu wa kutodanganya si wajibu wa kujibu kila aulizaye. Nitamwambia aondoke, kisha nitafunga mlango na kuita walinzi."

Bi Hoja alishika fremu ya mlango. "Hilo ndilo jibu! Hilo lenyewe! Hata mimi singelisema vizuri zaidi. Kwa nini hukuliandika?"

"Hakuna aliyeniuliza habari za panga."

"Swali liliuliza!"

"Lilisema nitaje pingamizi kali," wifi akasema, akachukua mkoba wake. "Hilo si kali, wifi. Si umeona nimelijibu?"