Kapera na Wanandoa wa 8i

Niliwahi kuiozesha namba mke ambaye hakuwa wake. Nalisema hili mapema, ili msomaji asije akanitafutia heshima huko mbele na kurudi mikono mitupu.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, likizo ya kiangazi, hapa hapa Gisenyi. Mimi na kijana wa jirani tulisoma darasa moja kwa mapadri, ng'ambo ya ziwa, Bukavu. Mtihani wa Julai mimi nilipita. Yeye alianguka aljebra, somo hilo moja tu. Shule zile zilikuwa na desturi ya sesioni ya pili: aliyeanguka alirudi mwanzoni mwa Septemba, kabla ya wenzake, akajaribu tena. Akipita, anapanda darasa. Akianguka, anafunga sanduku lake na kurudi kwao moja kwa moja. Kurudia mwaka ilikuwa bahati ya watoto wengine.

Mama yake aliuza samaki sokoni. Alikuja kwetu asubuhi moja, akanikuta nimekaa kwenye kiti cha baba pale barazani, mahali ambapo mtu yeyote angenikuta saa yoyote.

"We ulipita," akaniambia. "Mufundishe mwenzako. Mi siko na franka ya kulipa mwalimu, lakini samaki utakula."

"Mama, hiyo ni kazi ndogo," nikasema.

Mama yangu, aliyekuwa anachambua maharage, akacheka bila kuinua kichwa. "Ndogo, ndiyo. Ataifanya akiwa amekaa."

Nikaifanya nikiwa nimekaa. Jirani alipitia uwazi uliokuwa kwenye ua wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, kati ya nyumba zetu, akiwa na kijiti, kamba na msumari. Tukaufanya uwanja wetu wenye mchanga mweusi kuwa ubao. Yeye alichuchumaa na kuchora; mimi nilikalia kiti na kutoa hekima. Aliniita mon père, yaani baba padri, kwa kuwa nilikuwa nimeiga hata kikohozi cha padri wetu wa hesabu.

Alichoshindwa zaidi ni mizizi ya tatu ya namba changamano. Mzizi wa tatu ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata ile uliyopewa. Mtu wa kawaida akiulizwa mzizi wa tatu wa 8 anajibu 2, anakwenda zake kula. Padri hakukubali. Mizizi ni mitatu, alisema, na mingine miwili haikai kwenye mstari wa namba za kawaida; ina kipande cha i, ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1. Hizo unazichora juu au chini ya mstari, kama nyumba zilizo juu au chini ya barabara.

Sasa, kila namba ya aina hiyo ina mwenzake upande wa pili wa barabara, aliye sawa naye kabisa ila i yake imegeuzwa alama. Kwa Kifaransa mwenzake huyo anaitwa conjugué. Na sisi, watoto wa mapadri, tulilijua vizuri neno conjugal, kwa maana kila Jumapili tuliambiwa habari za ndoa. Nikaona nimepata ufunguo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Conjugué ni mke. Mizizi mitatu ni hivi: mume, mke, na kapera mmoja. Kapera anakaa barabarani, kwenye mstari, kwa kuwa hana nyumba. Mume anakaa juu, mke anakaa chini, wanatazamana."

"Oh la la! Mon père unaozesha mpaka hesabu!"

Lakini ilifanya kazi. Kwa 8, kapera ni 2, na wanandoa ni −1 + √3i na −1 − √3i. Kwa −8, kapera ni −2, na wanandoa ni 1 + √3i na 1 − √3i. Jirani alifunga kamba kwenye msumari, akazungusha duara la vipimo viwili kutoka katikati, akaweka nukta zake tatu, akaziunganisha: pembetatu yenye pande zote sawa, nzuri kabisa. Akapima pande kwa ile kamba. Sawa, sawa, sawa. Akaruka ruka kwenye mchanga kama aliyepata mshahara. Mama yake akaleta samaki. Nikala hadi mkia.

Siku ya mwisho ya masomo, Ijumaa, aliuliza swali. Lilikuwa swali zuri, na hilo ndilo linaloniuma.

"Na kama ile namba yenyewe haiko kwenye barabara? Tuseme 8i. Iko juu kule, peke yake. Kapera atatoka wapi?"

Mwalimu wa kweli angesema: ngoja tujaribu. Mimi nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi.

"Ndoa ni ndoa popote," nikasema.

Akajaribu mwenyewe. Mzizi mmoja aliupata vizuri: √3 + i. Akamwekea mke, √3 − i. Kapera akamweka −2. Akaunganisha, akapima kwa kamba, akakunja uso.

"Mon père, pande hazilingani. Mume na mke wamebanana huku, kapera ametupwa kule mbali."

"Si ndivyo ilivyo duniani? Wanandoa wanalala karibu. Kapera nani anamtaka?"

Akacheka sana. Nami nikacheka, nikajiona mtu wa maana.

Jumamosi mchana nilikuwa peke yangu, nimeshiba, sina la kufanya. Michoro yake ilikuwa bado mchangani. Kwa uvivu tu, kama mtu anayehesabu miti ya paa, nikamchukua yule mke, √3 − i, nikamzidisha kwa mwenyewe mara tatu. Nilitegemea 8i. Ikatoka −8i.

Nikarudia. −8i. Mke alikuwa halali kabisa, ila wa nyumba nyingine. Nikamjaribu kapera: −2 mara −2 mara −2, hiyo hata mtoto anajua, −8. Naye alikuwa mgeni wa watu.

Hapo ndipo sauti ya padri ilinirudia, yenyewe, bila kikohozi changu. Tazama pembe. 8i imesimama wima, nyuzi tisini kutoka kwenye barabara, umbali wa nane. Mzizi wa tatu wa umbali: mbili. Theluthi ya pembe: thelathini. Hapo una mzizi wa kwanza. Halafu unazunguka duara kwa theluthi ya mzunguko mzima, nyuzi mia na ishirini, unapata mia na hamsini. Unazunguka tena, unapata mia mbili na sabini. Hakuna ndoa humo. Ndoa zinapatikana pale tu namba uliyopewa inapokaa barabarani, na mimi nilikuwa nimefundisha namba za barabarani tu.

Nikashuka kitini, jambo ambalo mama yangu angepiga kigelegele angeliona. Nikashika kijiti. √3 + i upande wa kulia. −√3 + i upande wa kushoto, kwenye kimo kile kile. Na wa tatu chini kabisa, −2i. Nikaunganisha. Pembetatu ikatokea imesimama kwa ncha yake, kama sambusa iliyogeuzwa. Nikapima kwa kamba aliyoiacha. Sawa, sawa, sawa.

Kutoka ng'ambo ya miyenzi nilimsikia akifunga sanduku. Alikuwa anaimba wimbo aliojitungia, kwa sauti ya Misa: "Kapera mmoja, mume na mke, kapera mmoja, mume na mke."

Nilifika kwenye ule uwazi wa ua. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Niliona mgongo wake, na mama yake akimpigia shati pasi ya makaa. Nikafungua mdomo. Nikafikiria kwamba nikikiri hataniita tena mon père, si kesho yake, si mbele ya darasa zima Bukavu. Nikajiambia: watatoa −8. Mapadri wanapenda −8. Nikimwambia sasa nitamvuruga kichwa usiku wa kuamkia safari. Hata huruma nilijua kuitumia. Nikarudi, nikafuta kwa unyayo kile nilichochora, nikakaa.

Jumapili asubuhi alipita kwenda kuvuka mpaka, apande meli Goma. Nilimsindikiza hadi kwenye lango letu, ambayo kwangu mimi ni safari. "Bon courage," nikamwambia. Akanipigia saluti.

Hamna haja ya kuzungusha. Swali kubwa kuliko yote katika mtihani lilikuwa: tafuta mizizi yote mitatu ya 8i, uionyeshe kama vipeo vya pembetatu.

Alirudi na sanduku kabla mimi sijafunga langu. Nilimwona akiliweka chini mlangoni kwao, na mama yake akasimama kumwangalia, kisu mkononi, viazi miguuni. Safari hii nilipita kwenye uwazi wa ua. Yeye hakuwa na hasira.

"Mume alikuwa sawa," akasema. "Padri alinipa alama za mume. Wengine wawili aliwachora msalaba mwekundu. Sikuelewa. Hata pale nilipima, nikaona pande hazilingani, nikasema si kitu, kapera nani anamtaka."

Nikachutama, nikaanza kuchora kwa kidole, upesi upesi, kama anayelipa deni kabla hajaombwa. Thelathini, mia na hamsini, mia mbili na sabini. Sambusa iliyogeuzwa. Aliitazama sana. Alielewa mara moja. Hakuwa mjinga hata siku moja.

"Nzuri," akasema. Halafu, polepole: "Uliijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Sijui kwa nini sikusema jana.

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

Nikainamia mchanga.

"Meli yangu ilitoka Jumapili," akasema, si kwangu hasa, kama mtu anayerudia hesabu kuona kama amekosea mwenyewe. Akaingia ndani, akaliacha sanduku nje.

Mimi niliendelea na shule, nikaimaliza, nikarudi kukaa. Yeye alipata kazi ya kupima kahawa ghalani, akaoa, na harusini kwake aliwaambia watu kwamba mimi ndiye fundi wa kuozesha. Watu walicheka. Nami nilicheka, nikiangalia sahani.

Lakini siku ile nilikuwa bado nimechutama pale, kidole mchangani, nikitafuta la kumwambia mama yake. Nikamweleza kwamba hesabu ile ilikuwa ngumu, kwamba hata mapadri hukosea, kwamba nilitaka kuja kusema. Alinisikiliza hadi mwisho, akatupa kiazi kwenye sufuria, akasema:

"Bon. Mi sijui ile hesabu yenu. Lakini kati ya kwenu na kwetu iko miyenzi tu, na ile miyenzi iko na mulango."