Gundi Isiyoandikwa

Mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa miaka arubaini na mitatu alishona kurasa, akakata ngozi na kubana majalada kwa shinikizo la chuma lililokuwa na umri mkubwa kuliko wake. Vitabu vya dini, madaftari ya mahakama, tasnifu za wanachuo, vyote vilipita mikononi mwake. Na kitabu kilichotoka kwake hakikuliwa na mende wala mchwa, kwa sababu ya gundi yake.

Viungo vya gundi ile havikuwa muujiza. Gundi ya ngozi, unga wa ngano, shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, na mafuta ya karafuu: fundi yeyote wa kujalidi angekutajia bila kukuna kichwa. Siri ilikuwa katika mpango wa kuvichanganya, na mpango huo Mzee Gundi aliupokea kwa mdomo kutoka kwa mwalimu wake, naye mwalimu aliupokea vivyo hivyo. Hakuwahi kuuandika. Akifika hatua ile humwambia binti yake, aliyefanya naye kazi tangu amalize shule, "Mwanangu, hebu katazame kama uzi umefika." Binti hutoka, akasimama uani akihesabu vigae, hadi aitwe.

"Baba, nina miaka thelathini na minne," alimwambia siku moja. "Huo uzi haujafika tu?"

"Utafika," akajibu mzee, nao wakacheka. Alikusudia kwa dhati kumwambia. Alikuwa akingoja siku inayostahili.

Kisha akaja mwenye kiwanda cha vifaa vya ofisi, mtu mpole, mwenye viatu visivyo na vumbi. Alitaka ubia: mzee alete ujuzi, yeye alete mitambo, na binti awe msimamizi wa idara ya gundi. Kabla ya mazungumzo alileta mkataba wa kutunza siri, kurasa nne, na mzee akafurahi kuona kwamba heshima ilitangulia biashara.

Binti aliusoma kwa sauti juu ya meza ya kukatia ngozi. Taarifa za siri zisingetumika kwa jambo lolote ila kupima kama ubia unafaa. Ambacho kila fundi anakijua hakingehesabiwa siri. Alipofika kifungu cha sita akasita.

"Baba, sikiliza hapa. Karatasi ya siri lazima igongwe muhuri wa siri. Na jambo likisemwa kwa mdomo, ni lazima tuwaandikie ndani ya siku thelathini, kwamba siku fulani tuliwaambia jambo fulani, nalo ni siri. Tusipoandika, halihesabiwi."

"Niandike?" Mzee akavua miwani. "Mwalimu wangu alifariki hajaandika hata herufi moja. Nikishaliandika likakaa kwenye mafaili ya watu, nimebakiwa na nini?"

"Basi usiwaambie."

"Nani kasema nitawaambia?"

Wakatia saini. Karatasi mbili zilipigwa muhuri na kukabidhiwa: moja ya viungo, nyingine ya wateja, pamoja na kiasi ambacho kila maktaba huagiza na mwezi wa kuagiza.

Wiki ya pili mwenye kiwanda alikuja kuitazama gundi ikipikwa. Siku hiyo binti alikuwa amepeleka madaftari mahakamani. Mgeni alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika mwiko na kukoroga kwa adabu kama mwanafunzi wa kwanza. Akasema, "Mzee wangu, nimezunguka viwanda vingi, sijaona mtu anayeujua moto kama wewe." Na Mzee Gundi, ambaye kwa miaka arubaini na mitatu hakuna aliyemuuliza jambo kwa unyenyekevu ule, moyo ukamlainika. Akamweleza. Shabu haitiwi jikoni. Hungojwa gundi ipoe hadi mkono uivumilie, ikatiwa nusu. Nusu ya pili kesho yake. Mafuta ya karafuu siku ya tatu, gundi ikiwa baridi, tena kwa kukoroga upande mmoja tu. Alieleza na sababu zake, na kosa alilolifanya ujanani, na namna ya kulirekebisha.

Binti aliporudi alimkuta akiimba. Mzee hakumwambia aliyomweleza mgeni, angemwambiaje? Siku thelathini zikapita, na barua haikuandikwa.

Mwezi wa tatu tangu kutiwa saini, kiwanda kikaandika kwa upole kwamba kimeamua kutoendelea na ubia. Mwezi wa nane mtunza maktaba, mteja wa siku nyingi, akaweka juu ya meza kopo jipya lenye nembo ya kiwanda kile.

"Mzee, usinichukie. Wauzaji wao walikuja mwezi uleule ninaoagiza kwako, na kiasi wanakijua. Nimejaribu. Mende hawaigusi."

Mzee alichovya kidole, akanusa, akasugua gundi baina ya vidole viwili. Kisha akaketi, na binti, kwa kumtazama tu, akajua.

Wakili waliyemwendea alikuwa mama mmoja aliyesoma polepole, kalamu sikioni. Aliusoma mkataba mara mbili.

"Baba, nikuulize. Namna ya kuchanganya uliiandika popote?"

"Hapana, mama. Nilisema."

"Na baada ya kusema, mliwaandikia?"

Mzee akamtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. "Hapana."

"Basi nisikudanganye. Mkataba huu haumkatazi mtu kutengeneza gundi. Unalinda kile tu kilichoingizwa ndani yake. Karatasi ya viungo ina muhuri, lakini viungo vinajulikana, na mkataba wenyewe hauvihesabu kuwa siri. Yale ya mdomo yalikuwa na siku thelathini. Kuna mlango mwingine wa sheria, nje ya mkataba, kwa mtu aliyeaminiwa siri akaitumia vibaya. Ningeweza kuugonga. Lakini jambo la kwanza watakaloonyesha ni saini yako, chini ya maneno yanayosema kisichoandikwa si siri. Na nani alikuwapo mkizungumza?"

"Mimi na yeye."

Wakili akashusha pumzi. "Orodha ya wateja, hiyo ina muhuri, na kiasi na miezi havijulikani mitaani. Hapo nitawaandikia leo, nao wataacha. Wateja tutawalinda. Gundi, baba, siahidi."

Walirudi kwa miguu. Karakanani jua la alasiri lilikuwa juu ya shinikizo. Mzee akafungua saraka, akatoa daftari alilolijalidi mwenyewe, tupu, akamsogezea binti pamoja na kalamu.

"Andika," akasema. "Kila kitu, kuanzia moto."

Binti akalifungua, hakuandika. "Yeye ulimweleza vyote?"

"Vyote."

"Siku moja tu?"

"Asubuhi moja."

"Na mimi, Baba, ungeniambia lini?"

Mzee Gundi alitafuta jibu kwa bidii, kama mtu aliyepoteza sindano kwenye zulia. Alimwomba Mola wake ampe neno moja lililo kweli na lisiloumiza, akakuta neno hilo halipo. Vigae vya uani vilionekana dirishani, vile alivyovihesabu mwanawe kwa miaka kumi na sita.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema binti, akifuata macho yake. Kisha akainamisha kichwa, akaandika tarehe juu ya ukurasa. "Haya. Ipoe hadi mkono uivumilie, halafu?"

Mzee alishtuka. "Hilo umelijuaje?"

"Limeandikwa nyuma ya kopo lao, wanajisifia," akajibu taratibu. "Niambie yaliyobaki."