Kundi Likae Kimya Saa Tatu

Pascalia, fundi wa cherehani mjini Kakamega, hashindwi na kitu chochote chenye skrubu au kitufe. Alasiri hiyo alishindwa na babake.

Mzee Erastus alikuwa ametoka hospitalini juzi, presha bado iko juu, na daktari amesisitiza alale. Alale vipi? Kitinda mimba wake, Nekesa, alikuwa kwenye uchungu huko Malava, na mwaka juzi alikwenda kujifungua akarudi mikono mitupu. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp nalo, watu themanini na saba, lilikuwa linaomba, linashauri na kubishania majina. Kila simu ya Pascalia ilipolia mzee aliinua kichwa. "Ni Nekesa?" Kumbe ni shangazi na picha zake za maua.

"Lala, Baba. Akijifungua nitakuamsha. Haki ya Mungu."

Akafungua programu ya kuchuja arifa. Hakulinyamazisha kundi ndani ya WhatsApp yenyewe, maana huko arifa zisingetoka kabisa, na kichujio kingekosa cha kusoma. Akakiagiza: kundi likae kimya kwa saa tatu, isipokuwa arifa yenye neno "mtoto" au "amejifungua". Hata dakika mbili hazikuisha, simu ikalia. "Mungu amlinde mtoto." Ikalia tena. "Mtoto aitwe Titus." Pascalia akasonya, akafuta "mtoto".

Chumba kikatulia. Mzee akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Na nani ataandika?"

"Si Mama? Yeye ndiye yuko naye."

"Mama yako haandikangi. Anatumanga sauti tu."

Pascalia aliona aibu. Kichujio husoma maandishi, sauti hakiisikii. Na mama yao hampigii simu mtoto yeyote kwanza, wasije wengine wakasema anapendelea. Habari huitupa kundini, wote waipate pamoja. Mgonjwa amelikumbuka hilo, naye mzima amelisahau! Lakini jina la mtumaji huandikwa kwenye arifa. Akaongeza lile alilomhifadhia simuni tangu zamani: Mamangu Mpendwa.

Saa moja ikapita. Simu ikalia mara moja.

Ilikuwa sauti ya sekunde tisa, haina neno hata moja. Kichanga kilikuwa kinalia kwa hasira, kigelegele cha Mama kikikatwakatwa na kilio chake mwenyewe, na chini kabisa mtu akicheka kwa unyonge. Mzee aliisikiliza mara nne, simu sikioni, machozi yakimtiririka bila haya.

"Huyo anayecheka ni Nekesa wangu," alisema, akageukia ukutani.

Zile saa tatu zilipotimia, pongezi bado zilikuwa zinamiminika, na kundi likafumuka chumbani mlio juu ya mlio. Pascalia akairukia simu aizime. Halafu akasita, mkono hewani.

Mzee alikuwa anakoroma.