Kesi ya Mkono wa Aoko

"Mama Oduor, ukiiondoa hiyo kesi kesho, usirudi kulala kwangu," Dorca akasema.

"Nitalala kwangu."

"Kwako wapi? Miaka kumi na minane uko bomani kwa baba mkwe."

"Ndiyo maana naiondoa," Aoko akasema, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta, mzito kama jiwe la kusagia wimbi.

Dorca aliuza samaki naye pale sokoni Kibuye, na ndiye aliyemburuta hadi polisi. Walikwenda mara tatu. Ya kwanza, askari alicheka mpaka kofia ikatumbukia kwenye chai, akasema mambo ya mume na mke yapelekwe kwa chifu. Ya pili, jicho la Aoko lilikuwa limevimba hata akaingia kituoni likiwa limemtangulia hatua mbili. Aliandikwa kwenye kitabu, akaambiwa amlete shemeji yake, wapatanishwe. Ya tatu mfupa ulikuwa umevunjika. Daktari wa serikali akajaza fomu ya P3 ya kuthibitisha jeraha, Gordon mumewe akashtakiwa, na kesho yake akatoka kwa dhamana, kwa sharti asimsogelee shahidi, yaani Aoko.

Aoko hakuliamini sharti hilo. Alimwomba karani wa korti karatasi ya kumkinga, yenye nguvu. Karani akataka cheti cha ndoa. Aoko aliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawaandiki. Hata angekuwa nacho, karani akasema, karatasi hiyo hutoka ndani ya kesi ya talaka, na wakili awepo.

Halafu wazee wakampa Gordon kiwanja kule Katito aanzishe boma lake. Siku ni Jumamosi hii. Kwa mila, baba mwenye boma hubeba jogoo, mwana wa kwanza shoka, mke wa kwanza moto. Mmoja akikosekana, boma halisimami, na Oduor, mwana wao wa kwanza, na wadogo zake hawana pa kujenga hata kibanda.

"Akifungwa, nani atabeba jogoo?" Aoko akauliza.

"Na asipofungwa, wewe utabebwa na nani?"

"Wewe, Dorca."

"Hakimu atakuuliza kama umelazimishwa."

"Nitasema hapana. Nani amenilazimisha? Nimelazimishwa na kiwanja?"

"Inspekta Shitanda, yule mwendesha mashtaka, ameniambia waziwazi. Ukiiondoa na hakimu akakubali, bwana yako ameachiliwa kabisa. Mkono huo haurudi kortini tena, hata uote pembe."

"Najua. Utapona."

"Na huo wa kushoto?"

Aoko aliutazama, umejaa magamba ya omena yanayometa.

"Huo utaanza upya," akasema. "Kitabuni. Halafu kwa shemeji. Halafu kwa dakta."

"Kama bado una mdomo wa kusimulia. Mama Oduor, nisikilize, mimi nilimzika dada—"

Mlango wa Dorca ukasukumwa bila hodi. Gordon aliingia, shati limepigwa pasi, jogoo mwekundu kwapani.

Dorca alifungua kinywa amkumbushe sharti la dhamana. Aoko alikuwa ameshainuka, anamfutia kiti.