Joto la Risasi

Ruring'u huwa na baridi kali mwezi wa saba. Ukungu unashuka, manyunyu hayakatiki, na nguo zinakaa kwenye kamba siku nyingi bila kukauka. Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga palikuwa na mahali pamoja tu penye joto, nyuma ya nyumba, ambapo mume wangu aliyeyushia betri kuukuu za magari.

Alizinunua kwa madereva na gereji za mjini. Alimwaga asidi mtaroni, akapasua makasha kwa shoka, akatoa mabamba ya madini ya risasi na ule unga wake, akavitia ndani ya pipa lililokatwa lenye makaa. Makasha yalikuwa kuni. Risasi ikishaiva iling'aa kama maziwa yaliyotulia. Aliengua takataka za juu kwa upawa mrefu, kisha akamimina kwenye makopo ya samaki. Vipande vile alivitumia kutengenezea betri za watu, na vilivyobaki aliuza.

Moshi ulikuwa na ladha tamu kidogo kooni. Yeye alikunywa maziwa kila jioni, kwa sababu mafundi wote walisema maziwa husafisha kifua.

Asubuhi watu wa ploti walikuja kuota moto. Jirani yangu, mwanamke wa kutoka magharibi mwa nchi aliyeolewa na polisi wa Kiganjo, alikuja na mtoto wake mgongoni. Mwanangu wa pili, aliyekuwa hajafikisha miaka minne, alikaa kwenye tofali lake karibu na pipa, akichora kwa kidole kwenye vumbi la manjano, na kidole kile kile akikitia mdomoni.

Alianza kukataa chakula. Akawa analia tumbo, na choo hapati. Tukampa dawa ya minyoo. Akawa mweupe wa viganja, mkali kwa dadake, halafu asubuhi moja akatapika na kukakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka. Tulimpeleka hospitali ya mjini. Nakumbuka kwamba sikulia. Nilikuwa naangalia kiatu chake kimoja, kingine kilikuwa kimeanguka njiani.

Daktari alimdunga sindano, degedege likatulia. Kisha akamwambia mume wangu amfunge mtoto vifungo vya shati. Mume wangu alijaribu. Mkono wa kulia ulining'inia kwenye kifundo, vidole havikuinuka. Nyumbani nilikuwa nimeuona ukiwa hivyo tangu mavuno, naye alisema ni uchovu wa shoka.

"Baba, wewe unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Natengeneza betri."

"Unayeyusha risasi?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Hapo nyumbani tu."

Alimwambia afungue mdomo, akamulika fizi zake. Kandokando ya meno palikuwa na mstari wa buluu iliyokoza. Kisha akamtazama mtoto, akakaa.

"Risasi iko kwa damu yao," alisema. "Huyu baba ameivuta na moshi. Mtoto ameivuta na ameilamba pia, na mtoto huumia haraka. Moshi ukiisha, vumbi linabaki. Liko kwa nguo, kwa blanketi, kwa udongo wa pale nje."

"Tunakunywa maziwa," mume wangu akasema.

"Maziwa haiwezi kuitoa." Akanigeukia. "Mama, kuna watoto wengine wanakaa karibu na huo moto?"

Mtoto alipelekwa Nairobi, kudungwa sindano za kuitoa risasi mwilini. Babake alienda naye. Mimi nilirudi Ruring'u, nikamkuta jirani anachambua maharagwe mlangoni. Nikamwambia yote, kama mtu anayetoa salamu alizotumwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamshusha mtoto wake mgongoni, akamfunua midomo, akaangalia fizi ambazo bado hazikuwa na meno.

"Sioni kitu," akasema.

"Daktari alisema umpeleke. Wapime damu."

"Nitampeleka." Akaokota sinia lake, akaingia ndani. Kabla ya mwisho wa mwezi walikuwa wamehamia nyumba za polisi, na damu ya mtoto ilisema nini sikupata kujua.

Mume wangu aliporudi na mtoto, aliacha kazi ile. Fundi mwingine wa betri, kutoka Kutus, alikuja kuchukua pipa, upawa na makopo. Nilimweleza kilichotupata. Alisema kwake kuna hewa ya kutosha. Akapakia vitu, akaenda.

Tulihamia kwenye shamba la baba mkwe. Mkono wa mume wangu ulirudi polepole, ukaweza kushika jembe, ila si sindano ya kushonea. Mtoto aliishi. Alikua mrefu, mpole, mwenye kupenda ng'ombe. Shuleni alirudia darasa la kwanza mpaka walimu wakatuomba tumweke nyumbani. Akiulizwa jina lake hujibu vizuri. Akiulizwa swali la pili, anakuangalia, akingoja umsaidie.